Kabla ya Kulipia Chaja ya Elfu Kumi na Mbili, Piga Picha Upande wa Pini

Wiki hii tumeitwa wezi tena. Mteja alinunua kwetu kichwa cha chaja cha Samsung cha wati 25 kwa shilingi 45,000, akapita mtaa wa pili hapahapa Kariakoo akakuta "kilekile" kwa 12,000. Akakinunua na hicho, akavilaza vyote viwili mezani, akapiga picha, akatutumia WhatsApp na maneno haya: "Nyie watu hamna huruma kabisa." Malalamiko ya aina hii tunayapata kila mara, na kila mara tunamjibu mtu mmoja mmoja. Safari hii tunajibu hadharani kwa kutumia picha yake mwenyewe, kwa ruhusa yake, kwa sababu jibu lote limo humo.

Kwa nini watu wananunua vichwa vya chaja siku hizi? Kwa sababu simu kubwa zinakuja bila chaja. Apple walianza na iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakafuata na Galaxy S21 mwaka 2021. Mtu ametoka kulipa milioni na zaidi kwa simu, anafungua boksi anakuta waya tu. Anaona chaja ni kitu kidogo cha kumalizia, basi anabana hapo. Wanaotengeneza feki wanalijua hilo vizuri.

Turudi kwenye picha. Vichwa vyote viwili vimeandikwa EP-TA800, vyote vina 25W kwa herufi kubwa. Ukiishia hapo ni mapacha. Tukaikuza picha tukasoma mstari ambao wateja wengi huuruka, ule unaoanza na neno Output. Kwenye kichwa chetu kuna makundi mawili ya namba. La kwanza ni PDO: 9.0V 2.77A au 5.0V 3.0A. La pili ni PPS: 3.3-5.9V 3.0A au 3.3-11.0V 2.25A. Kwenye kile cha elfu kumi na mbili kulikuwa na kundi moja tu: 9.0V 1.67A au 5.0V 2.0A.

Chukua kikokotoo cha simu uzidishe volti kwa ampea. Tisa mara 2.77 ni 24.93, yaani wati 25. Tisa mara 1.67 ni 15.03, yaani wati 15. Hizo ni namba za chaja ya Samsung ya kizazi cha nyuma, EP-TA200. Aliyetengeneza feki alichora jina la modeli mpya na wati mpya, namba akaziacha za zamani. Chaja inajitangaza wati 25 huku maandishi yake yenyewe yanasema 15. Huhitaji kuwa fundi kuliona hilo.

Na hilo kundi la PPS lina kazi. Ndilo linaloiwezesha simu kuzungumza na chaja wakati inachaji, iombe volti ipande au ishuke kidogokidogo kadiri betri inavyojaa. Bila PPS, Galaxy yako haitaandika "Super fast charging" kwenye skrini. Itaandika "Fast charging", au itachaji tu kawaida. Tulimwomba mteja wetu achomeke vyote viwili, kimoja baada ya kingine, kwa waya uleule. Alitutumia picha mbili za skrini, na kile cha mtaa wa pili hakikuandika "Super fast charging".

Lakini namba peke yake hazitoshi. Wapo wanaonakili namba zote sawasawa, hata alama za usalama, yaani mraba ulio ndani ya mraba na ile ya CE. Alama ni wino, na wino hauna gharama. Kwa hiyo tunaangalia umbo, kwa sababu kutengeneza umbo vizuri ni ghali.

Geuza chaja, pini zikutazame, weka rula pembeni, piga picha kutoka juu moja kwa moja. Plagi yetu ya Tanzania ni ile ya pini tatu za mstatili, ya mtindo wa Uingereza, na kiwango chake kinataka umbali wa milimita 9.5 au zaidi kutoka kwenye pini hadi ukingo wa plagi. Sababu ni kidole. Ukichomeka gizani na kidole kikateleza ukingoni, umbali huo ndio unaokiweka mbali na pini yenye umeme. Feki nyingi zina kiwiliwili chembamba kuliko inavyotakiwa, na kwenye picha yenye rula hilo linasomeka. Angalia pia rangi ya pini. Pini nzuri ina uso mmoja uliotulia, usiong'aa kupita kiasi, na haina mikwaruzo ya mashine. Za feki mara nyingi zinameremeta na zina alama ndogondogo, na mara nyingine pini moja imekaa upande kidogo.

Kisha angalia mshono, pale vipande viwili vya plastiki vinapokutana. Kwenye chaja halisi mshono ni mwembamba na una upana uleule mzunguko mzima. Ukiona umefunguka kona moja, au gundi imetoka ikakauka, usichomeke. Herufi nazo ziangaliwe picha ikiwa imekuzwa: zibaki na kingo safi. Zikivimba, zikipanda na kushuka, au nafasi kati ya maneno zikiwa hazilingani, hiyo ni chapa ya haraka.

Wateja wanatuuliza, kwa nini mnaing'ang'ania sana plastiki wakati simu inachaji? Kwa sababu ndani ya kile kichwa kuna volti 230 za ukutani upande mmoja, na volti chache zinazokwenda kwenye simu unayoishika mkononi upande wa pili. Kinachozitenganisha ni nafasi, utepe na transfoma ndogo iliyofungwa vizuri. Hapo ndipo feki wanapopunguza. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima adapta bandia 400 zenye jina la Apple. Zilizoshindwa vipimo ni 397, na 12 kati yake zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa shoti. Mtu anayetengeneza kwa haraka kwa nje hana sababu ya kuwa makini ndani, ambako hutaona.

Hasara haiji kwa shoti tu. Kuna mama mmoja anayefanya biashara ya nguo, simu yake ilianza kujibonyeza yenyewe: inafungua programu, inaandika herufi hovyo, inapiga simu kwa wateja wake. Alikwenda kwa fundi, akaambiwa kioo kimekufa, akabadilishiwa. Jioni ikaanza tena. Alipokuja kwetu tulimwuliza swali moja: inafanya hivyo ikiwa kwenye chaji au hata ikiwa imechomolewa? Akafikiri, akasema kwenye chaji tu. Chaja ya ovyo inapitisha kelele za umeme zinazouvuruga mguso wa skrini. Tulimchomekea chaja nzuri, simu ikatulia palepale. Aliokoa elfu thelathini kwenye chaja, akalipa kioo ambacho hakikuwa na tatizo. Dada, mama, kaka, kabla hujakubali kubadilishiwa kioo, jaribu kwanza chaja nyingine.

Sasa eapodi, maana hizo ndizo zinazoleta ugomvi mkubwa zaidi. Tuchukue AirPods Pro za kizazi cha pili peke yake, kwa sababu ndizo zinazonakiliwa sana. Fungua kifuniko cha kesi, piga picha maandishi yaliyo ndani yake. Kesi yenye tundu la Type-C chini ni modeli A2968. Kesi yenye tundu la Lightning ni A2700. Tumeletewa kesi yenye tundu la Type-C huku kifuniko kinasema A2700, na kijana aliyeileta alikuwa ameshalipa laki mbili na nusu kwa muuzaji wa mtandaoni. Tundu na namba havikubaliani, hakuna zaidi ya kujadili.

Halafu vua mpira wa sikioni, umulike kwa tochi na uupige picha kwa karibu. Mpira halisi una wavu mwembamba ndani yake, na unaingia kwa kubana kwenye tundu lenye umbo la yai. Kwenye feki nyingi mpira ni mtupu, unaona hadi upande wa pili. Wavu mweusi ulio kwenye kiwiliwili nao uwe umekaa sawa na plastiki, bila kubonyea na bila gundi pembeni.

Kijana yule alijitetea kwamba aliingiza serial namba kwenye tovuti ya Apple na ikakubali. Huo ndio mkato unaowagharimu wengi. Watengeneza feki wanachukua serial moja ya kweli na kuichapa kwenye kesi kwa maelfu. Tovuti inakujibu kuhusu hiyo namba, haijui ni kesi gani umeishika. Njia bora ni kuziunganisha na iPhone yenye iOS 16 au zaidi, maana simu yenyewe inatoa onyo inaposhindwa kuthibitisha kwamba ni AirPods halisi. Muuzaji akikukatalia kujaribu kabla ya kulipa, ondoka.

Jambo moja tunaomba lieleweke. Chaja ya Oraimo au Anker iliyouzwa kwa jina lake si feki. Ni kampuni nyingine, ina bei yake, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo tunamshauri hiyo bila kusita. Feki ni ile iliyovaa jina la mwenzake. Kwa hiyo ukituambia "nina elfu ishirini", hatutakuuzia Samsung ya elfu ishirini, kwa sababu hatuna na hatutaitafuta. Tutakupa chaja yenye jina lake halisi, risiti na waranti. Ile 45,000 ya Samsung ina gharama ya kununua kwa msambazaji anayetupa karatasi, ushuru ndani yake, na chaja tunazobadilisha zikirudi ndani ya waranti. Yule wa mtaa wa pili hana hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana ana elfu kumi na mbili.

Ukitaka tukuangalizie kitu ulichokutana nacho popote, tuma picha tatu: maandishi yote yakiwa yanasomeka, upande wa pini ukiwa na rula, na mshono kwa ubavuni. Kwa eapodi, tuma ndani ya kifuniko, tundu la chini, na mpira uliovuliwa. Piga kwenye mwanga wa mchana, usitumie flashi, inafuta herufi za kijivu. Bure, hata kama hukununua kwetu. Ujue tu kwamba majibu yetu ni mawili: "ni feki", au "hatujaona kasoro". Kwa picha peke yake hatumwambii mtu "ni orijino", maana picha haioneshi kilichomo ndani. Kwa hilo uilete dukani tuichomeke kwenye kipimo ukiwa umesimama hapo, na usije bila waya unaotumia kila siku.