Barua ya Kufunga Muhula: Mabadiliko ya Sare kuanzia Januari 2026

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Kondoa, Dodoma.
6 Juni 2025

Kwa wazazi na walezi wote

YAH: MABADILIKO YA SARE ZA SHULE

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam. Leo tumefunga muhula wa kwanza, na mwanao amekuja na ripoti yake pamoja na barua hii. Matokeo tutayazungumza kwenye kikao cha Julai. Barua hii ni ya sare peke yake, maana ni jambo linalogusa mfuko wako na sitaki ulipate nusunusu kutoka kwa mtoto.

Kwa kifupi: Bodi ya Shule imeridhia sare mpya, itakayoanza na Kidato cha Kwanza cha Januari 2026. Mwanafunzi aliyepo shuleni sasa halazimiki kununua kitu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujamfuata fundi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Januari mwaka huu wanafunzi kadhaa wa Kidato cha Kwanza walirudishwa nyumbani kwa kukosa tai na sweta, na amri hiyo ilitoka ofisini kwangu. Mmoja alikaa nyumbani wiki mbili. Nilipomwita mama yake, alinionyesha pesa akiwa amezifunga kwenye ncha ya khanga: shilingi 25,000 kamili, bei ya sweta. Sweta lenyewe halikuwepo. Lile la rangi ya damu ya mzee lenye mistari miwili mikononi linauzwa na duka moja tu la Dodoma mjini, na duka lilikuwa limeishiwa. Mtoto alikosa masomo kwa sababu ya mistari miwili. Tangu siku hiyo amri ile nimeifuta, na kazi ya kutafuta sare isiyotegemea duka moja ikaanza.

Ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare ilibaki kwa mzazi. Kamati ya wazazi wanne na walimu wawili, mmoja wao akiwa mama anayejua cherehani kuliko sisi wote, ilizunguka madukani na kwa mafundi ikaandika bei. Binti anayeanza leo na sare ya sasa anahitaji mita 2 za kitambaa cha drafti kwa 9,000 kila mita, ufundi wa sketi ya marinda 10,000, shati jeupe 13,000, tai 5,000 na sweta 25,000. Jumla ni 71,000, na hiyo ni pea moja tu.

Kinachokula pesa zaidi, mbali na sweta, ni marinda. Rinda linakunja kitambaa mara tatu: binti mwenye nyonga ya sentimita 96 anazungushiwa karibu mita 3 za kitambaa kilichokunjwa, ndiyo maana fundi anadai vipande viwili vya urefu wa sketi. Tena drafti haigeuzwi. Miraba ikipishana kwenye mshono, sketi inaonekana imeharibika, kwa hiyo mabaki mengi yanaishia chini ya cherehani. Kitambaa cha rangi moja hakina juu wala chini. Fundi anakata sketi ya vipande sita, kimoja kichwa juu na kinachofuata kichwa chini, upande mpana wa hiki ukikaa kwenye upande mwembamba wa kile. Kwa upana wa sentimita 150, mita 1 na robo inatosha sketi, mkanda wa kiunoni na mfuko. Nasema mfuko kwa sababu wasichana waliuomba kabla ya kitu kingine chochote.

Sare mpya basi ni sketi ya vipande sita au suruali ya bluu iliyokoza, shati la krimu na sweta la bluu iliyokoza lisilo na mstari wala maandishi. Tai imeondolewa. Utambulisho wa shule utakuwa nembo ya kitambaa inayoshonwa kwenye mfuko wa shati, shilingi 2,000.

Kwa binti, kitambaa kwa bei ya 7,000 kila mita kinafika 8,750, ufundi 7,000, shati 13,000, sweta jipya 18,000 na nembo 2,000. Jumla 48,750, yaani pungufu kwa 22,250. Kwa mvulana nafuu ni ndogo, maana suruali haikuwa na marinda: kutoka 63,000 hadi 51,750. Sweta la mtumba la bluu kutoka mnadani linakubalika kabisa. Kamati iliyakuta mazuri kwa 6,000, na mwalimu wa zamu hataangalia limetoka wapi.

Kuhusu rangi ya shati, wengi mliuliza mbona tunaacha nyeupe. Mnaujua udongo wetu. Kuanzia Juni upepo ukianza, vumbi jekundu linakaa kwenye kola na mkunjo wa mkono, na maji ya kufulia kila jioni si kila nyumba inayo. Tulishona mashati matatu, jeupe, samawati na krimu, tukawapa wanafunzi watatu wanaotembea njia moja wavae siku tatu bila kufua. Jeupe siku ya pili lilikuwa na utepe wa kahawia shingoni. Samawati lilionyesha vumbi vilevile. Krimu lilifika siku ya tatu likiwa linavumilika, ingawa si safi, na sitawadanganya kwamba sasa hamtafua. Mzazi mmoja alipendekeza kaki, ambayo kwa vumbi ingeshinda zote. Wanafunzi kwenye baraza lao wakasema wataonekana mgambo, hoja ikafa hapohapo.

Kulikuwa na pingamizi moja zito. Baba mmoja alisema drafti yetu inajulikana mpaka stendi, na kwamba tukivaa bluu tutafanana na shule nyingi. Ni kweli, tutafanana, na mimi mwenyewe drafti ile nitaikumbuka. Lakini kufanana huko kuna faida: mtoto akihama shule, nembo inafumuliwa na nguo inaendelea kuvaliwa. Kwa sababu hiyo nembo ishonwe kwa mkono kwenye kingo zake. Isigandishwe kwa gundi.

Sasa utaratibu wa kuanza. Januari 2026 ni Kidato cha Kwanza tu. Waliopo sasa wataendelea na sare yao mpaka wamalize, na wa mwisho kati yao, hawa wa Kidato cha Kwanza cha leo, watamaliza Novemba 2028. Shule nzima itakuwa na sare moja Januari 2029. Katikati hapo nguo ikichakaa au ikibana, nunua ya mpya badala yake, moja moja. Shati la krimu juu ya sketi ya drafti litaruhusiwa. Halitapendeza, lakini litaruhusiwa.

Chukua mama mwenye binti Kidato cha Pili na mdogo wake darasa la saba. Mkubwa hanunui kitu. Sketi yake ya drafti itamfikisha Novemba 2027, na shati lake likifa mwakani atanunua la krimu. Mdogo akipangwa kwetu, mama ana njia mbili: ashone sare mpya kwa 48,750, au amvalishe drafti iliyombana dada yake, kwani tumekubali Kidato cha Kwanza cha 2026 wavae sare za kurithi hadi Desemba 2026. Baada ya hapo darasa hilo litavaa mpya.

Hapa nina ombi kwa wenye watoto wa darasa la saba. Pesa za alizeti zinaingia sasa, na Januari zinakuwa zimekwisha, najua. Weka akiba ya sare mapema, lakini usikate nguo mpaka majina ya waliochaguliwa yatoke mwishoni mwa mwaka. Huenda mtoto akapangwa shule nyingine yenye rangi nyingine, na nguo iliyokwisha kukatwa hakuna duka litakaloirudisha.

Ukifika dukani, usinunue kwa macho tu. Weka kiganja nyuma ya kitambaa cha shati: ukiona mistari ya mkono, kiache, binti hatakuwa na raha nacho. Kwa kitambaa cha sketi, lowesha ncha na uisugue kwa kitambaa cheupe. Kikiacha bluu, kitachujia kwenye shati siku ya kwanza ya kufua. Halafu omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Ukijikunja wote ukawa punje ngumu nyeusi, hiyo ni nailoni au poliesta tupu, itamchemsha mtoto mchana na pasi ya mkaa itaiyeyusha. Tetroni yenye pamba ndani yake huacha majivu pia. Na mwambie fundi aache pindo la inchi 3 chini. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anarefuka, na pindo likishushwa sketi hiyohiyo inavaliwa mwaka mwingine.

Hijabu zinabaki kama zilivyo, nyeupe, na anayetaka sketi ya kufika kwenye vifundo vya miguu ashone, ila kitambaa kitaongezeka kama robo mita. Viatu vyeusi na fulana ya michezo havijabadilika.

Shule haiuzi sare na hakuna mwalimu anayeruhusiwa kuuza. Shona popote. Tunachotoa ni nembo tu, kwa bei tuliyonunulia, na lazima upewe stakabadhi. Usipopewa, njoo kwangu moja kwa moja.

Kwa mwenye hali ngumu, hasa kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mwalimu wa malezi ameanzisha sanduku la sare. Kidato cha Nne wakimaliza Novemba wataacha sare zao zikiwa zimefuliwa, na atakayehitaji drafti kwa ajili ya aliyepo shuleni ataipata huko bila malipo. Sare mpya za kugawa bado hatuna, na kwa mwaka wa kwanza sanduku litakuwa na upungufu huo. Mtoto wa Kidato cha Kwanza asiye na uwezo aje na nguo ya heshima aliyonayo. Jina litaandikwa, mzazi ataitwa tuzungumze, na mtoto atabaki darasani.

Sampuli za sketi, suruali na mashati zinaning'inia ofisini, pamoja na kipande cha kitambaa ambacho fundi anaweza kukiazima kwa siku moja ili alinganishe rangi. Shule itafunguliwa Jumanne, tarehe 8 Julai 2025. Sampuli zinaweza kuonwa hata likizo, Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kwa mwalimu atakayekuwa zamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule