Kaka, fedha za kiwanja na nyumba zitakuja kwa mafungu

Shikamoo kaka,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mwenye kiwanja amekubali bei. Umeniuliza maswali mawili ambayo nami yamenikosesha usingizi: mbona nisitume akiba yote mara moja tukamaliza? Na kama watu wanasema dola itapanda, mbona nisingoje ipande kwanza?

Nianze na hilo la kungoja. Unakumbuka Januari 2024, dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160 za Kenya, na kila mtu alisema itafika 200. Februari serikali ikauza dhamana mpya nje na kutumia fedha hizo kulipa sehemu kubwa ya deni lililokuwa linaiva Juni. Hofu kwamba serikali ingeshindwa kulipa deni hilo ikaisha, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Aliyekuwa na dola 10,000 akingojea bei nzuri zaidi alipoteza kama shilingi 300,000 katika wiki chache, bila kununua hata tofali. Mimi siwezi kubashiri jambo kama hilo, na sijakutana na anayeweza. Kwa hiyo mafungu yangu nimeyapanga kwa tarehe za malipo yetu, si kwa kubahatisha dola itaelekea wapi.

Hesabu zote hapa nimezifanya kwa shilingi 130 kwa dola. Nina dola 24,000. Kiwanja ni shilingi 1,200,000: amana ya asilimia 10 siku ya kutia saini, na shilingi 1,080,000 zilizobaki ndani ya siku 90. Baada ya hapo, kwa makadirio ya fundi, msingi ni 600,000, kuta hadi linta 500,000, na paa 700,000.

Fedha ya kiwanja haitangoja. Tukishatia saini tunakuwa na deni la shilingi lenye tarehe, na tukichelewa amana iko hatarini. Salio hilo leo ni dola 8,308. Dola ikishuka hadi 120, litanitoka dola 9,000 kamili. Ikipanda hadi 140, nitaokoa kama dola 590. Siwezi kucheza kamari na kiwanja kwa ajili ya dola 590. Matokeo ya upekuzi wa ardhi yakitoka safi na mkataba ukisainiwa, nitabadilisha salio lote wiki hiyohiyo. Litakaa kwenye akaunti yangu ya huko, katika amana ya muda mfupi inayoiva kabla ya siku ya mwisho. Tafadhali usiniombe niliweke kwa mwenye kiwanja mapema, hata akiahidi kupunguza bei.

Ujenzi ndio wenye nafasi ya kungoja kidogo. Nikitoa fedha ya kiwanja nabaki na dola 14,769, na kazi iliyobaki ni shilingi 1,800,000. Gawanya shilingi hizo kwa dola hizo, utapata karibu 122. Namba hiyo, kaka, ndiyo ninayotaka uiandike ukutani. Ni kiwango ambacho dola ikishuka chini yake, akiba yangu haifikishi nyumba kwenye paa. Kati ya 130 na 122 tuna nafasi ya shilingi nane tu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti mapema: dola ikigusa 126, nabadilisha fedha ya hatua inayofuata siku hiyo, hata kama fundi hajaanza. Isipogusa, nabadilisha mwezi mmoja kabla ya kila hatua.

Namba hiyo tutaihesabu upya kila hatua ikiisha, kwa sababu haisimami mahali pamoja. Tuseme msingi umeisha kwa 600,000 kama ilivyopangwa, na nilibadilisha kwa 134. Nitabaki na dola 10,291 kwa kazi ya 1,200,000, na kiwango cha hatari kitashuka hadi kama 117. Hapo tunapumua. Lakini tuseme dola ilikuwa 134 vilevile, ila fundi alikuta udongo laini, akachimba zaidi, na msingi ukala 720,000. Nitabaki na dola 9,396, na kiwango cha hatari kitapanda hadi karibu 128. Umeona? Dola ilitupendelea, lakini gharama iliyozidi kwenye msingi ilimeza faida yote na kutuacha pabaya kuliko tulipoanza. Ndiyo maana nakusumbua sana kuhusu makadirio ya fundi kuliko kuhusu habari za soko la fedha. Afadhali atoboe mashimo ya majaribio kabla sijatuma fungu la msingi.

Halafu usishangilie sana siku dola ikipanda. Nondo na mabati, au malighafi yake, kwa kawaida hutoka nje, na bei zake hufuata dola baada ya muda. Tukipata shilingi nyingi leo halafu tukanunua nondo baada ya miezi miwili, huenda tukalipa bei mpya na faida ikapotea. Siku hizo nipigie simu uulize bei ya nondo na mabati. Kama duka bado linauza mzigo wa zamani kwa bei ya zamani, tununue na kuhifadhi pakavu. Saruji hapana. Ikikaa miezi mitatu inakuwa imeshapungua nguvu, hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Kuhusu njia ya kutuma, usidanganyike na tangazo la "bila ada". Tuseme soko lina 130. Kampuni moja haitozi ada ila inabadilisha kwa 127.4, nyingine inatoza dola 8 na kubadilisha kwa 129.5. Kwa dola 6,000, ya kwanza inakufikishia shilingi 764,400 na ya pili 775,964. Mimi huangalia kitu kimoja tu: shilingi ngapi zinafika mkononi mwako. Na situmi Jumamosi wala Jumapili, kwa kuwa soko limefungwa na kampuni nyingi huongeza pengo kati ya bei yao na ya soko ili kujikinga na bei ya Jumatatu.

Fungu kubwa linaweza kusimamishwa siku kadhaa wakitaka kujua fedha zimetoka wapi na zinaenda kufanya nini. Sitalikata vipandevipande ili kukwepa maswali hayo, maana kufanya hivyo ndiko kunakoleta shaka, na kwingine ni kosa la jinai. Nitaambatanisha hati za mshahara na taarifa ya benki, nawe unitumie nakala ya mkataba wa mauzo yenye saini zote. Tuweke wiki mbili za ziada kabla ya kila tarehe ya malipo kwa ajili ya ucheleweshaji huo.

Ninachohitaji kwako kabla hujatia saini ni mchanganuo wa fundi kwa kila hatua, vifaa mbali na ufundi mbali, nondo na mabati yakiwa yameandikwa kwa idadi na saizi. Mwambie pia wakili aandike tarehe halisi ya siku ya 90 ndani ya mkataba, ili niende nayo benki.

Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako