Usilitume kwanza hilo jibu lako kwa Shangazi

Mwanangu,

Nimeisoma rasimu uliyonitumia usiku, ile inayoanza na "Shangazi, kabla hujanisema muulize Baba Mdogo pesa zangu ziko wapi." Nashukuru umeileta kwangu kabla ya kuipeleka kwenye grupu la familia. Najua umeumia. Kuandikwa jina mbele ya ndugu wote kwamba hujamchangia Bibi miezi miwili, wakati mwezi mmoja kati ya hiyo ulilipa na meseji ya muamala unayo, kunachoma. Mimi mwenyewe niliposoma, mikono ilinitetemeka.

Lakini tazama hiyo rasimu ingefanya nini. Shangazi amekusema wewe. Wewe ungejibu kwa kumtupa Baba Mdogo mbele ya watu wale wale. Pengine amesahau tu kuandika jina lako, maana ndiye anayepokea michango na orodha anaiandika kwa mkono. Ukibandika picha ya ule muamala kwenye grupu, watu hawatasoma kwamba umelipa. Watasoma kwamba Baba Mdogo amekula pesa za mgonjwa. Hapo utakuwa na ugomvi wa pili, na huu utakuwa umeuanzisha wewe.

Kwa hiyo anza na Baba Mdogo, kwa simu. Mtumie ule muamala yeye peke yake, umwombe aangalie orodha na airekebishe mwenyewe. Akirekebisha yeye, neno lake lina uzito kuliko utetezi wako wowote.

Ukishaongea naye, ndipo uandike kwenye grupu. Usinyamaze kabisa, kwa sababu swali la mchango linawahusu wote na ukimya wako watautafsiri. Andika mara moja, hivi:

"Shikamoo Shangazi. Nimeusoma ujumbe wako. Mchango wa mwezi huu kweli sijatoa, nitautoa kufikia Ijumaa. Hesabu ya mwezi uliopita naipitia na Baba Mdogo. Pole sana kwa kumuuguza Bibi. Jioni nitakupigia."

Umeona nimeanza na deni la kweli. Ukianza na lile alilokosea, wote watasubiri kuona utasema nini juu ya mwezi huu, na Shangazi atakukumbusha. Ukilisema mwenyewe na kutaja siku, hana la kuongeza. Ijumaa iwe ni siku unayoiweza kweli. Kama huna uhakika, taja ya mbele zaidi. Na la mwezi uliopita halimtuhumu mtu, linasema tu lipo mezani.

Uandike kama ujumbe mpya. Ukiujibu kwa kuunukuu wa kwake, maneno yake yatajitokeza tena juu ya yako, na aliyekuwa hajayaona atayaona. Rasimu uziandike pengine, si kwenye kisanduku cha grupu, maana kidole kikiteleza umeshatuma. Ukifuta inabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na kila mtu anajazia anachodhani ulisema. Niliwahi kufanya hivyo kwenye grupu jingine, na nilichosingiziwa kilikuwa kibaya kuliko nilichokuwa nimeandika.

Baada ya hapo kutakuwa na wachochezi. Atatokea binamu wa kuweka vikatuni vya kucheka, na mwingine atasema "afadhali umesema, Shangazi." Hao usiwajibu hata mmoja. Shangazi mwenyewe akirudia, mwambie, "Nitakupigia jioni, Shangazi," basi. Akikuita mwizi hilo ni jambo jingine, tutamwomba mkubwa wa familia atukutanishe ana kwa ana.

Kwenye simu ya jioni usianze na "mbona umeniaibisha." Muulize kwanza Bibi amelalaje. Shangazi yako anaamka usiku kumgeuza mgonjwa, na nadhani aliandika akiwa amechoka zaidi ya hasira. Msikilize amalize. Kisha mwambie bila kuzunguka: "Shangazi, lile la kuniandika mbele ya wote limeniuma. Nikikosea tena naomba unipigie mimi." Hili usiliruke kwa kuogopa kumkera. Ukilimeza, litatoka siku nyingine kwa jambo dogo kabisa.

Utajiuliza kwa nini mimi mama yako sikuingia kukutetea. Nikiandika neno moja pale, halitakuwa tena suala la mchango wako, litakuwa mimi na wifi yangu, na baba yako atalazimika kuchagua upande. Nimempigia Shangazi asubuhi kumjulia hali Bibi tu. Lako nimekuachia wewe.

Baba Mdogo mpigie mchana akiwa ametulia. Ukishaongea naye niambie amesemaje, na hadi hapo usiandike chochote kwenye grupu.

Mama yako