Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maelezo ya Bidhaa na Misimbo ya Ushuru katika Tafsiri za Nyaraka za Forodha

Ndugu wanachama,

Habari za ada, mapato na matumizi zimo katika taarifa ya mhazini, na za vikao zimo katika taarifa ya katibu. Kwa upande wangu naomba niizungumzie kazi moja iliyoishughulisha kamati yenu mwaka mzima, nayo ni namna ya kufasiri nyaraka za mzigo ili bidhaa moja isisomeke kama bidhaa mbili au tatu.

Mzigo unapofika bandarini Dar es Salaam huwa na ankara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena na cheti cha uasili. Bidhaa ileile hutajwa katika kila hati, na afisa wa TRA huzilinganisha hati hizo na tamko ambalo wakala wa forodha ameliingiza kwenye mfumo. Maelezo yakipishana, afisa hana njia ya kujua kwamba tofauti hiyo imeletwa na mfasiri. Anachokiona ni mashaka juu ya mzigo wenyewe, na ana wajibu wa kuuliza.

Kisa kilichotufanya tuchukue hatua kilimhusu mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, aliyeagiza kontena moja la futi 20 la vigae vya sakafu kutoka Foshan, China. Zilikuwa katoni 840, kila katoni ikiwa na vipande 4 vya sentimita 60 kwa 60, yaani mita za mraba 1.44 kwa katoni na mita za mraba 1,209.6 kwa mzigo wote. Nyaraka za Kichina ziligawanywa kwa wafasiri watatu ili kazi iishe upesi. Kila mmoja alifasiri kurasa zake kwa Kiswahili fasaha, lakini ankara ikatoka na “vigae vya kauri vya sakafu”, orodha ya upakiaji ikatoka na “marumaru”, na cheti cha uasili kikatoka na “vigae vilivyong'arishwa”, tena chenye msimbo 6908 ambao haukuwamo kwenye hati ya Kichina. Msimbo huo ulibaki kwenye kiolezo cha kazi ya zamani ambacho mfasiri alikitumia tena.

Kwa fundi wa Dar es Salaam, kuweka marumaru ni kuweka vigae, na hakuna mteja anayemwelewa vibaya. Katika kitabu cha ushuru, hata hivyo, marumaru ni jiwe, na likiwa limekatwa kwa ajili ya ujenzi linaingia katika kichwa 6802, mbali na bidhaa za kauri zilizomo katika sura ya 69. Wakala aliandika maelezo ya tamko kwa kuifuata orodha ya upakiaji. Maswali yakaanza, kontena likafunguliwa na kukaguliwa, na muda wote huo mwenye mzigo alikuwa akidaiwa gharama za kuhifadhi kontena.

Kosa la 6908 lina mafunzo zaidi. Kichwa hicho kilifutwa katika toleo la HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa misimbo, lililoanza kutumika Januari 2017. Kabla ya hapo vigae viligawanywa kwa kutazama kama vina utando wa kung'aa uliochomwa juu yake au havina. Tangu toleo hilo vyote vimo katika 6907, na vigae vya kawaida vya sakafu na ukuta hutenganishwa kwa kiasi cha maji vinachonyonya. Vinavyonyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake ni 6907.21, vinavyozidi hapo hadi asilimia 10 ni 6907.22, na vinavyozidi asilimia 10 ni 6907.23. Kwa hiyo mfasiri akiandika “vigae vilivyong'arishwa” tu, hata kama amefasiri sawasawa, hamwonyeshi afisa jambo linaloamua msimbo. Katika mzigo ule jibu lilikuwepo tangu mwanzo: ubavuni mwa kila katoni palichapishwa BIa na E ≤ 0,5%, alama za kundi la vigae vinavyonyonya maji kidogo kabisa, na ripoti ya kiwandani ya kipimo hicho ilikuwa imeambatishwa na ankara. Mteja hakuitoa ifasiriwe kwa kuwa aliona ni karatasi ya ziada, nasi hatukumwomba.

Kutokana na hayo kamati imeweka utaratibu ufuatao, na nawaomba wanachama wote waufuate. Kabla ya kufasiri ukurasa wowote, mfasiri mmoja husoma nyaraka zote za mzigo na kuandaa karatasi ya bidhaa. Kwa kila bidhaa huandika maneno ya hati ya asili kama yalivyo, tafsiri moja iliyokubaliwa, kipimo chake, msimbo kama ulivyoandikwa, na kurasa zote inapotajwa. Kazi ikigawanywa baada ya hapo, kila mfasiri hupewa karatasi hiyo, wala haruhusiwi kubadili neno lake bila kumwarifu aliyeiandaa. Kwa vigae vile tafsiri ingekuwa “vigae vya kauri vya sakafu, unyonyaji wa maji usiozidi asilimia 0.5, sm 60 x 60” popote hati ya asili inaposema hivyo.

Nasisitiza maneno “inaposema hivyo”. Hati mbili za asili zikitofautiana zenyewe, tafsiri nazo zibaki na tofauti hiyo, na mteja aandikiwe barua inayotaja ukurasa na mstari. Ankara husahihishwa na muuzaji, na hati ya shehena husahihishwa kupitia wakala wa meli. Mfasiri anayezipatanisha kimyakimya anaweka muhuri wake juu ya jambo ambalo hati haikusema. Si kila tofauti ni mgongano, kwani orodha ya upakiaji ya mzigo ule ilihesabu vipande 3,360 na ankara ilihesabu mita za mraba. Ukizidisha katoni 840 kwa 4 unapata vipande hivyo, na ukizizidisha kwa 1.44 unapata mita za mraba za ankara, kwa hiyo hesabu inakubali, na kila kipimo kinaachwa mahali pake.

Msimbo nao haufasiriwi. Tarakimu 6 za mwanzo ni za mataifa yote yanayotumia HS. China huongeza hadi 10 katika tamko lake, na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una tarakimu 8. Nakili zote zilizoandikwa bila kupunguza wala kuongeza, kwa maana kuchagua msimbo wa hapa ni kazi ya wakala na mwenye mzigo, ambaye akiwa na shaka anaweza kuiomba TRA uamuzi wa awali wa uainishaji. Wanaotumia majedwali ya kompyuta waziweke seli za msimbo ziwe za maandishi kabla ya kuandika. Msimbo wa korosho zenye maganda, 08013100, ukiingizwa kama namba hubaki 8013100, na 6907.30 hugeuka 6907.3.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba karatasi ya bidhaa inakula saa ambazo mteja hazilipii. Malalamiko hayo ni ya haki, maana tumezoea kutoza kwa ukurasa, na kusoma nyaraka zote kabla ya kuanza hakuna ukurasa wake. Kamati inapendekeza mzigo wenye hati zaidi ya moja utozwe bei ya mzigo, na pendekezo hilo litapigiwa kura katika mkutano huu. Likipita, mwaka ujao tutakusanya karatasi za bidhaa zilizokwisha kutumika, majina ya wateja yakiwa yameondolewa, tukianza na pampu na vipuri vyake katika sura ya 84, na kila karatasi itaandikwa toleo la HS iliyolifuata ili isitumike toleo hilo linapobadilishwa.