Finjani nne baada ya Isha

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika, na imeniuma ulivyosema unalala saa 8 usiku, unaamka kuswali Alfajiri, kisha unarudi kitandani mpaka saa 3 asubuhi na bado unaamka umechoka. Mwaka jana nilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Tuanze na kahawa. Unasema unakunywa finjani nne pale barazani baada ya Isha, na kwamba "kahawa haikufanyi kitu". Hebu tupige hesabu. Kafeini hukaa mwilini. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya masaa 5 hivi ni nusu tu iliyotoka, na wengine huwachukua muda mrefu zaidi. Ukimaliza finjani nne saa 2 usiku, saa 7 usiku bado una sawa na finjani mbili mwilini. Saa 12 asubuhi bado una moja. Hapo kweli utalala vizuri?

Tangu tunapoamka, ubongo unakusanya kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyozidi ndivyo usingizi unavyokujia. Kafeini haikiondoi. Inakwenda kukaa kwenye kiti chake, basi adenosini inabaki imesimama nje. Ndiyo maana hata ukipitiwa na usingizi juu ya kahawa, ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku unapungua, nawe unaamka kama hukulala.

Lakini usiache yote kwa siku moja. Mimi niliacha ghafla, na siku ya pili kichwa kiliniuma tangu asubuhi mpaka usiku, nikadhani homa. Kumbe ni mwili unadai kahawa yake. Nikaanza upya: kila baada ya siku tatu napunguza finjani moja ya usiku, na ile ya asubuhi sikuigusa. Sasa sinywi kahawa baada ya Adhuhuri. Barazani nakwenda kama kawaida, na kashata nakula, ila mkononi nina kikombe cha mchaichai na tangawizi. Angalia hapo: mchaichai mtupu, bila majani ya chai. Wiki nzima nilikuwa nakunywa chai ya rangi usiku nikijisifu nimeacha kahawa, na chai nayo ina kafeini.

La pili ni saa ya kuamka, na kwangu hili ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote. Watu hujilazimisha kulala mapema, wakalala macho wazi wakihesabu boriti. Usingizi haulazimishwi, ila saa ya kuamka unaweza kuipanga. Sisi tuna adhana ya Alfajiri, saa haihitajiki. Amka, swali, usirudi kitandani, hata kama usiku umelala masaa manne. Fungua dirisha au toka nje jua linapochomoza, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoupa mwili saa yake. Siku nne za kwanza nilikuwa nasinzia juu ya randa kazini. Ikikuzidi, jilaze dakika 20 baada ya Adhuhuri, lakini si baada ya Alasiri. Usiku wa tano saa 4 macho yalikuwa mazito yenyewe. Na Ijumaa usijipe ruhusa ya kulala mpaka jua lipande, utakuwa umebomoa ulichojenga wiki nzima.

Simu nitaisema kwa ufupi. Mwanga wake unachelewesha usingizi, kweli, lakini mimi naona kinachotukesha zaidi ni mabishano ya mpira kwenye magrupu. Mimi naiacha sebuleni ikichaji. Ukiona umelala muda na usingizi hauji, usibaki ukigeuka geuka. Toka, kaa ukumbini kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Kitanda kizoee kuwa mahali pa kulala.

Chukua daftari, kila asubuhi andika ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulilala saa ngapi, na finjani ya mwisho ilikuwa lini. Langu lilianza kubadilika wiki ya tatu, kwa hiyo usilihukumu kabla. Ila mwulize mkeo kama unakoroma, kisha pumzi inakatika halafu unashtuka. Kama ndivyo, kahawa haina kosa peke yake, nenda hospitali. Na ikiwa umefuata yote haya na bado usiku tatu kwa wiki hulali, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tatu, huo nao ni ugonjwa unaotibiwa. Usiende kununua vidonge vya usingizi dukani.

Kijana wetu anapanda boti Jumapili, nimempa fungu la mchaichai kutoka nyuma ya nyumba. Lifunge kwenye gazeti likae kivulini. Chemsha majani matatu kwa kikombe, na tangawizi uiponde, usiikate.

Wasalaam,
Sahibu yako