Barua ya wazi kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika: ziada ya SACCOS igawiwe kwa hesabu inayoonekana

Ndugu Mrajis,

Mimi ni mwanachama wa SACCOS moja ya wilayani. Jina lake silitaji, kwa sababu sikuandiki kushtaki. Nimekaa kamati ya usimamizi kwa vipindi viwili, na kazi yangu ya kila siku ni uhasibu wa shule. Nakuandikia kuhusu karatasi moja tuliyogawiwa kwenye mkutano mkuu pamoja na soda. Chini kabisa ilikuwa na mistari miwili: "Gawio la hisa: asilimia 14. Bonasi kwa wakopaji: kiasi kitakachobaki." Mikono ikanyooshwa, tukapitisha, tukaenda kula pilau. Mkono wangu ulikuwa mmojawapo.

Nyumbani nikachukua kalamu na kurudia hesabu. Ziada iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 60. Kwa masharti yetu, asilimia 20 huenda akiba ya lazima na asilimia 5 mfuko wa elimu, hivyo milioni 15 zinatoka na kubaki milioni 45 za kugawana. Riba ya akiba na amana ilikwisha kulipwa mapema kama gharama, kwa hiyo haimo humu. Mtaji wa hisa ni milioni 250. Asilimia 14 ya hapo ni milioni 35. Kilichobaki kwa wakopaji, ambao mwaka ule walilipa riba ya milioni 200, ni milioni 10, yaani senti 5 kwa kila shilingi ya riba.

Asilimia 14 ikitajwa mkutanoni huwa inapigiwa makofi. Hakuna anayeuliza imetoka kwenye mfuko wa nani.

Nikupe watu wawili. Wa kwanza ni mzee wangu mmoja, mtumishi mstaafu mwenye hisa za milioni 5 na asiye na mkopo. Wa pili ni mama fundi cherehani wa sokoni, mwenye hisa za laki 3. Alikopa akanunua mashine mbili, na mwaka ule alilipa riba ya shilingi 480,000 bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Kwa mgao wetu, mzee alipata 700,000. Mama alipata 42,000 za hisa na 24,000 za bonasi, jumla 66,000.

Sasa tuchukulie hisa zingelipwa asilimia 8. Zingechukua milioni 20, na milioni 25 zingebaki kwa wakopaji, ambazo ni senti 12 na nusu kwa kila shilingi ya riba. Mzee angepata 400,000. Mama angepata 24,000 na 60,000, jumla 84,000. Kwake imeongezeka 18,000 tu, na najua wapo watakaosema hiyo ni hela ya vocha. Ila ichukulie kama punguzo la mkopo: alilipa 480,000, akirudishiwa 60,000 riba yake halisi ni 420,000. Benki haimrudishii mteja wake hata senti. Ndiyo tofauti tuliyojivunia tulipokuwa tunamshawishi ajiunge.

Wazee wa kahawa na korosho hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mkulima akipeleka mazao chamani hulipwa malipo ya kwanza, na chama kikiuza vizuri hurudishiwa cha ziada kwa kilo alizopeleka. Wengi wanakiita majaliwa. Hakuna aliyewahi kudai majaliwa kwa sababu ana hisa nyingi wakati hakupeleka hata debe. Kwenye SACCOS mazao ni mkopo na kilo ni riba iliyolipwa. Wafumaji wa Rochdale kule Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, waliandika kwamba hisa zipate asilimia 3 na nusu kwa mwaka, na faida iliyobaki igawiwe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Mtaji ulilipwa kwanza, lakini kwa kiwango kilichofungwa. Kanuni za ushirika zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995 nazo zinasema mtaji ulipwe fidia yenye kikomo, kama italipwa kabisa.

Mzee wangu ana hoja yake, na si ya kupuuza. Aliniambia, "Mwanangu, hizo milioni 5 ningeziweka kwenye hati fungani za serikali ningelala usingizi. Hapa chama kikianguka, zangu ndizo zinazoanza kuliwa." Ni kweli. Hisa hazitolewi kama akiba, na hasara ikija ndizo za kwanza kuibeba. Chama kisipolipa hisa kitu cha maana, watu watabaki na kiwango cha chini cha hisa, na mikopo itakosa mtaji wa kuilinda. Kwa hiyo sisemi hisa zilipwe sifuri. Ninachokataa ni kiwango kupangwa kwanza kwa sababu kinapendeza, kisha mkopaji apewe makombo. Na ukifungua leja yetu ya hisa utaona kwa nini kinapendeza: wanachama 22 wanashika milioni 140 kati ya zile 250. Wengi wao ndio wenye sauti nzito mkutanoni, ingawa kura ni moja kwa kila mtu.

Leja hiyohiyo ilinionyesha jambo la pili. Tarehe 12 Desemba mwanachama mmoja alinunua hisa za milioni 6 kwa mkupuo. Kwenye mgao akahesabiwa asilimia 14 ya mwaka mzima, shilingi 840,000, kwa fedha iliyokaa chamani siku 19. Hakuiba, aliijua tu hesabu yetu: tunaangalia salio la Desemba 31 na kuzidisha. Kama tungepima kwa miezi, hata tukimhesabia Desemba yote, angepata sehemu moja ya 12, yaani 70,000. Zile 770,000 zilizozidi zimetoka kwetu sote.

Hesabu ya miezi si ngumu. Tuseme mama fundi alianza Januari na hisa za 300,000 na mwisho wa Juni akaongeza 120,000: zile za mwanzo zinahesabiwa miezi 12 na nyongeza miezi 6. Nyongeza inakuwa 60,000, na wastani wake wa mwaka ni 360,000. Karani mwenye kompyuta anaimaliza kwa wanachama wote kwa siku moja. Dalili ya kuangalia ni rahisi pia: jumla ya hisa ikiruka ghafla Desemba na sehemu yake kuuzwa au kuhamishiwa mwingine baada ya mkutano mkuu, watu wanawinda gawio.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi, na liko juu kabisa ya ile karatasi, kwenye neno "ziada". Nimesema wakopaji walilipa riba ya milioni 200. Hiyo nimeijumlisha kutoka kwenye stakabadhi na makato ya mishahara. Lakini taarifa ya mapato ilisema riba ni milioni 218. Milioni 18 zilikuwa riba za mikopo iliyolala, mingine zaidi ya mwaka, ambazo mfumo uliendelea kuziandika kila mwezi kana kwamba zimeingia. Meneja alinijibu kwamba mapato huandikwa yanapostahili kupokelewa. Kwa mkopo unaolipwa, sawa. Kwa mkopo uliopitiliza siku 90 riba yake inapaswa kuwekwa kando mpaka ionekane, wala isiguswe kwenye mgao.

Toa hizo milioni 18. Ziada inabaki 42. Toa robo ya akiba ya lazima na elimu, zinabaki milioni 31 na nusu. Gawio la hisa peke yake lilikuwa milioni 35, na bonasi milioni 10 juu yake. Ndugu Mrajis, tulilipana taslimu milioni 45 wakati fedha iliyokuwepo ya kugawana ilikuwa 31 na nusu. Milioni 13 na nusu zilizopungua zilitoka kwenye akiba zetu wenyewe. Aprili na Mei waombaji wa mikopo waliambiwa wasubiri, "fedha haijakaa sawa". Mama fundi alikuwa mmoja wa waliosubiri.

Kuna na kosa dogo kwenye bonasi ambalo nalo linauma. Karani aligawa zile milioni 10 kwa kuangalia riba iliyoandikwa kwenye akaunti ya kila mkopaji, si iliyolipwa. Mdaiwa sugu ambaye hajaleta chochote tangu mwaka juzi alionekana na riba kubwa, akapewa bonasi kubwa. Na kwa kuwa mgawanyo ulifanywa juu ya 218 badala ya 200, senti 5 za mama zikashuka kidogo chini ya 4.6, 24,000 nilizomhesabia hapo juu zikawa kama 22,000 mkononi.

Ombi langu si sheria mpya. Hati ya mgao iwe ukurasa mmoja unaofanana kwa SACCOS zote, uwafikie wanachama siku 14 kabla ya mkutano, na nakala yake iwekwe kwenye MUVU, mfumo wa kidijitali wa kusimamia vyama vya ushirika, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Ukurasa huo uonyeshe riba iliyoandikwa na riba iliyopokelewa, bega kwa bega, na ziada ya kugawana ihesabiwe kwa ile iliyopokelewa. Hisa ziwe za wastani wa miezi. Kisha bodi iweke viwango vitatu vya gawio, tuseme 6, 8 na 10, na mbele ya kila kimoja iandikwe mkopaji atarudishiwa senti ngapi kwa shilingi. Mkutano ukiamua 10 baada ya kuviona vyote, nitanyamaza.

Kuhusu kikomo cha gawio la hisa, kiandikwe kwenye masharti ya kila chama badala ya kuachwa kila mwaka kwa makofi. Ningependekeza kisizidi riba inayolipwa kwenye akiba kwa zaidi ya pointi 2 au 3, ili mwenye hisa apate thawabu ya kubeba hatari lakini asigeuke mwenye duka. Wenzangu wenye uzoefu wa vyama vya makazini, ambako karibu kila mwanachama ana mkopo na hisa zinalingana, wanaweza kusema kwao haina haja. Huenda wako sahihi. Pale anayelipa na anayepokea ni yuleyule. Kwetu, wakulima, wafanyabiashara na wastaafu tumechanganyika, na si hivyo.

Mkutano wetu ujao ni Machi. Nimeshamwomba katibu leja ya hisa ya mwezi kwa mwezi na orodha ya mikopo iliyopitiliza siku 90. Leja nimepewa. Orodha bado.

Wako katika ushirika,
Mwanachama, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi