Kadi ikipotea Marekani, usikae nyumbani bila kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa jambo moja tu, maana nimesikia barazani hapa Shella ya Malindi mara tatu sasa watu wakiambizana ati ukiwa Marekani grini kadi yako ikapotea basi huna tena haki ya kufanya kazi mpaka upate nyingine, na kuna kijana wa jirani ameacha kazi kabisa kwa kuambiwa hivyo na mjomba wake kwa simu. Sio kweli. Nawaandikia kwa sababu yalimpata mdogo wangu anayekaa Columbus, Ohio, na mi ndo nilikua naye kwenye simu kila usiku akihangaika.

Ilikua hivi. Kadi alikua anaiweka nyuma ya simu, ndani ya kava, simu ikamdondoka kwenye basi asubuhi akienda kazini na haikuonekana tena. Leseni ya gari ilibaki mfukoni, pasipoti ya Kenya iko nyumbani. Kwa bahati Mama alikua na picha ya ile kadi kwenye simu yake, mbele na nyuma, alitumiwa siku kadi ilipofika mara ya kwanza, na tukaisoma ile namba inayoanza na A, ambayo ndo namba yako ya uhamiaji na utaulizwa kila mahali. Jamani, wenye watoto huko waambieni watume hiyo picha nyumbani leo.

Kitu cha kwanza kuelewa, kadi ni ushahidi tu. Ukaazi wako umeandikwa serikalini na haupotei kwa sababu plastiki imepotea. Ila sheria yao inataka mwenye miaka 18 kwenda juu atembee na kadi, kwa hivyo huwezi kukaa tu. Unaomba nyingine kwa fomu inayoitwa I-90, unafungua akaunti kwenye tovuti ya uhamiaji yenyewe, uscis.gov, unachagua sababu ya kupotea au kuibiwa, unaweka kopi ya kitambulisho chenye picha kama leseni au pasipoti, na yeye alilipa dola 415 kwa sababu alijaza onlaini, kwa karatasi ilikua 465. Kama kadi haijapotea ila imepasuka au picha imefutika fomu ni hiyohiyo, unachagua sababu ya kuharibika na unaweka kopi ya ile kadi mbovu. Fomu yenyewe ni bure kuipata, anayekuuzia fomu anakuibia.

Ukishatuma unapata risiti, karatasi ya I-797C, na hapo ndo wengi wanakosea. Wamesikia kwamba risiti inarefusha kadi miezi 36. Ni kweli, lakini hiyo ni ya mtu ambaye kadi imeisha muda anaomba kuihuisha, na anaonyesha risiti pamoja na ile kadi iliyoisha. Wewe uliyepoteza huna kadi ya kuonyesha, risiti yako haisimami hivyo. Unachotaka ni muhuri wa muda kwenye pasipoti, wao wanauita muhuri wa I-551, na ukiwa nao ni kama una kadi mpaka tarehe iliyoandikwa. Mdogo wangu alipiga namba ya uhamiaji, 1-800-375-5283, akakata tamaa mara mbili kwa kusubiri, mara ya tatu akaongea na mtu akapewa miadi, akaenda na pasipoti na risiti, akatoka na muhuri wa mwaka mmoja. Hakikisha pasipoti ya Kenya haijaisha kabla ya kwenda.

Sasa kazi. Alikua amefanya kazi kwenye ghala kupitia ajenti na wiki ileile wakataka kumwandika wao wenyewe, maana yake anaanza upya, anajaza fomu ya I-9, ile ya kuonyesha wewe ni nani na una ruhusa ya kufanya kazi, na ana siku tatu za kazi kuonyesha karatasi. Yule dada wa ofisini akasema lete grini kadi, hakuna kadi hakuna kazi. Alinipigia akiwa ameketi ndani ya gari analia. Nikamwambia soma orodha iliyo kwenye ile fomu yenyewe, maana imeandikwa pale: anayechagua karatasi ni mfanyakazi, sio mwajiri. Unaweza kuleta moja ya orodha A, kama grini kadi au pasipoti yenye ule muhuri, au ukaleta mbili, moja ya B na moja ya C, na leseni ya gari pamoja na kadi ya soshol sekyuriti, yaani ya namba yao ya hifadhi ya jamii, inatosha kabisa. Mwajiri akilazimisha karatasi fulani kwa sababu wewe ni mgeni anavunja sheria, na kuna ofisi ya wizara ya sheria yao ambayo mfanyakazi anaipigia bure, 1-800-255-7688.

Lakini angalieni hapa. Ile kadi ya soshol sekyuriti isiwe na maandishi ya kusema inafaa kwa kazi kwa kibali cha uhamiaji tu. Waliokwenda kwanza kwa viza ya kazi wanayo yenye maandishi hayo, wakapata ukaazi wakasahau kuibadilisha, na haitokubaliwa. Kubadilisha ni bure. Mdogo wangu alikwenda kwa bahati nasibu ya viza kwa hivyo yake ilikua safi, akaipeleka na leseni kesho yake, yule dada akapiga simu kuuliza wakubwa wake, akarudi akamwandika. Kama hata hiyo huna, risiti ya kuomba kadi iliyopotea inakubaliwa kwa siku 90, halafu lazima ulete kadi yenyewe au karatasi nyingine ya zile orodha. Na ambaye yuko kazini tayari na alishaonyesha grini kadi alipoandikwa, mwajiri hana haja ya kumuuliza tena, hata kama imepotea au imeisha.

Nyumba ilikua ngumu zaidi, kusema kweli. Alikua anahama, na mwenye nyumba hana fomu wala orodha, kila mmoja na lake. Sheria ya Marekani nzima haimlazimishi mwenye nyumba kukagua uhamiaji, na California imemkataza hata kuuliza, lakini Ohio yule mzee alitaka kuona kadi kwa macho yake. Mdogo wangu hakubishana. Alimpelekea leseni, payslipu za miezi mitatu, ile risiti na ukurasa wa pasipoti wenye muhuri, vyote vimepangwa kwenye faili moja. Mzee alitaka kujua kama kodi italipwa, ndo lilokua swali lake hasa, akaangalia zile payslipu akampa ufunguo.

Akasahau kitu kimoja, kubadilisha anwani kwenye akaunti yake ya uhamiaji. Ukihama una siku 10 za kuwaambia. Kadi mpya inakuja kwa posta, na ukiwa umehama inarudi kwao. Tulikumbuka siku ya nane, saa sita usiku yetu, nikiwa nimelala nikashtuka nikampigia.

Na ukiwa umekuja likizo hapa Malindi kadi ikapotea, hiyo I-90 haikurudishi kwenye ndege. Kuna fomu nyingine, I-131A, ya ubalozi wao Nairobi, ya yule ambaye hajakaa nje mwaka mzima, na ada yake tuliiona dola 575. Nenda mapema, tiketi ikiwa bado mbali.

Msomaji wenu,
Malindi